Mbuzi wa Mwanamke Asiyekuwepo

Mume wangu alitozwa mbuzi na kaka zangu kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Fizi. Mbuzi alichinjwa, akaliwa, ngozi ikauzwa. Mwanamke mwenyewe hajazaliwa hadi leo.

Kisa kilianzia kwa konvayeri. Sisi tunakaa Baraka, na Baba Riziki alikuwa shofere wa Fuso ya patro mmoja mwenye duka la jumla. Alikuwa akipakia chumvi, sukari, saruji na bido za mawese, anapanda navyo Fizi, mara nyingine anapitiliza Lulimba mpaka Misisi kwa wachimba dhahabu, na kurudi analeta maharage na mihogo mikavu. Konvayeri wake alikuwa Asende, mdogo wangu wa tumbo moja. Sasa, kila mtu wa njia yetu anajua mahali pa konvayeri: ni juu ya mizigo, pamoja na kuku wa watu na abiria wasio na hela, kigogo cha kuzuia gurudumu kikiwa karibu. Asende akaanza kupanda mbele, ndani ya kabini, ameketi wima kama mke wa patro. Nikamwuliza. Akasema mgongo unamwuma. Kijana wa miaka 22, mgongo!

Jambo la pili lilikuwa kulala. Kamyo ikimaliza kushusha Fizi saa tisa, na njia imekauka, shofere anateremka akala chakula cha usiku kwake. Baba Riziki akaanza kulala huko huko mlimani. Wiki ya kwanza ilikuwa mvua, ya pili gurudumu, ya tatu barieri. Kwa muda mrefu sikusema kitu, kwa maana nchi yetu mnaijua: usiku barabara si ya raia, na shofere mwenye akili hutafuta pa kulala kabla ya saa kumi na mbili. Miaka mingi hakuna aliyemwona mume wangu akiendesha gizani, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu hakuna shofere hata mmoja aliyekuwa akiendesha gizani. Hofu ya bunduki ilimfichia siri yake vizuri kuliko Asende.

Nyumbani mambo yalikuwa madogo madogo. Baraka jua linachomoza ziwani, juu ya Ubwari, na kuzama nyuma ya milima, kwa hiyo giza letu huwahi na haligongi mlango. Likishaingia tu, Baba Riziki alikuwa anapiga teke vigoda. Alikanyaga vifaranga wawili. Akitoka juani kuingia ndani, husimama mlangoni kidogo, mkono kwenye fremu, nami nikadhani anasubiri nimpokee kama mgeni. Jumapili moja mzee wa kanisa alimnyooshea mkono kutoka ubavuni, yeye akapita akiangalia mbele. Kwetu kumnyima mzee mkono ni maneno ya mwezi mzima. Watu wakasema shofere wa Fuso amekuwa mkubwa.

Halafu akagonga mbuzi. Mchana, jua la utosi, barabara imenyooka. Mbuzi wa watu alitoka kushoto na Baba Riziki akaapa kwamba alianguka kutoka mbinguni. Patro akalipa, akamkata mshahara. Mimi nikahesabu: halali nyumbani, hanioni jioni, anagonga mbuzi mchana kwa sababu akili yake iko mahali pengine. Ukijumlisha hesabu hiyo unapata mwanamke.

Nikachukua moto, nikapanda Fizi mwenyewe. Sikumwambia mtu isipokuwa mama mkwe, naye alinitazama akasema, “Nenda, mwanangu, lakini wanaume wa ukoo wetu si wa namna hiyo.” Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho aniambie ukweli nami nisimsikie.

Saa moja ya usiku nilikuwa nimesimama kwenye ua wa nyumba wanapolala mashofere. Hakukuwa na mwezi, kulikuwa na taa moja mbali, upande wa jikoni. Akaja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukifuata ukuta wa matofali, na miguu aliinyanyua juu kama mtu anayevuka matope, hali ua ulikuwa mkavu na umefagiliwa. Amelewa, nikasema moyoni, tena amelewa kwa furaha. Nikajitokeza nikasimama mbele yake, mikono kiunoni. Kikwembe changu kilikuwa cheupe chenye maua ya njano, nguo ambayo hata kipofu angeiona, ndivyo nilivyofikiri. Akaja moja kwa moja mpaka nikasikia pumzi yake.

“Pole, mama,” akasema. “Naomba nipite.”

“Mama yako ni nani?”

Akashtuka. Akageuza uso kunitafuta upande wa kulia, na mimi nilikuwa mbele yake. Nikaona hayo ni macho ya mtu mwenye kosa.

“Weye unafanya nini huku?”

“Yuko wapi?”

“Nani?”

“Huyo anayekulaza Fizi.”

Alinyamaza muda mrefu sana. Baadaye nilikuja kuuelewa ukimya ule. Alikuwa ameweka aibu mbili kwenye mizani. Shofere mwenye mwanamke njiani bado ni shofere, watu watacheka na patro atacheka nao. Shofere asiye na macho si kitu. Akachagua aibu nyepesi.

“Leo hayupo,” akasema.

Basi kikao kikakaa kwa baba yangu, kaka zangu wanne upande huu, yeye na mjomba wake upande ule. Wakamwuliza jina la mwanamke. Akatazama chini, akasema, “Faida.” Wakamwuliza Faida ni binti wa nani, akasema hakufika huko. Asende alikuwa ameketi karibu na mlango, jasho linamtoka, anaangalia kucha zake. Mbuzi mmoja, wakasema, na maneno yaishe. Akalipa siku ya tatu. Tangu hapo nikawa namfuata kila mahali nilipoweza, na ndiyo sababu nilikuwapo chumbani siku macho yalipopimwa.

Permi yake ilikuwa ya zamani, karatasi iliyokunjwa hadi picha ikafutika pua. Patro alitaka mashofere wake wote wapate permi mpya, na kila mmoja alete karatasi ya macho iliyosainiwa na mganga. Kwetu mganga ni yule wa hospitali, wa dawa za miti ana jina lake. Tukaenda asubuhi. Mganga wa macho alikuwa kijana mpole, chumba chake kina dirisha moja, ubao wa herufi ukutani na viti viwili.

Baba Riziki aliusoma ubao wote. Jicho la kulia, la kushoto, mpaka mstari wa chini wenye herufi kama chawa. Mganga akaandika 10 juu ya 10, jicho hili na lile. Akamwonyesha kitabu cha vidoa vya rangi, akataja tarakimu zote. Mume wangu akaanza kutabasamu, akanitazama mimi kama mtu aliyeshinda kesi. Nami, nikiri, nilisikia raha: angalau mzinzi wangu alikuwa na macho mazuri.

Mganga mwingine angeishia hapo, akasaini. Mganga huyu hakuwa mtu wa kuishia hapo. Akavuta kiti, wakaketi wakitazamana, magoti karibu yagusane. “Funika jicho la kushoto kwa kiganja. Nitazame puani tu, usihamishe jicho. Ukiona kidole changu kinachezacheza, sema.” Akanyoosha mkono upande wa nje, akauleta taratibu kuelekea katikati. Mimi niliyekaa nyuma nilikiona kidole tangu mwanzo. Mtu mzima, kwa upande wa nje, huona karibu nyuzi 90, yaani karibu sawa na bega lake. Kidole kikapita bega, kikapita sikio, kikawa karibu na shavu la mganga mwenyewe, ndipo Baba Riziki akasema, “Sasa.” Upande wa juu hivyo hivyo, wa chini hivyo hivyo. Nikakumbuka vigoda, vifaranga, na mkono wa mzee wa kanisa.

Mganga hakusema kitu. Akafunga dirisha, akaning'iniza blanketi juu yake, akafunga mlango. “Tukae kidogo, macho yazoee giza.” Tukakaa kama robo saa, tukizungumza bei ya ndagala. Mwanga mwembamba ulikuwa ukipita chini ya mlango, na polepole chumba kikaanza kunirudia: meza, beseni, koti la mganga. Akanyanyua mkono.

“Vidole vingapi, Baba?”

“Nyanyua kwanza mkono, mganga.”

“Nimeshanyanyua.”

Mimi niliviona vitatu. Niliona pia mume wangu akigeuza kichwa huku na huko kama kuku anayesikia mwewe, na ndipo ua wa Fizi ukanijia wote: ukuta, miguu iliyonyanyuliwa juu, kikwembe changu cheupe. Pole, mama, naomba nipite.

“Baba Riziki,” nikasema gizani, “Faida yuko wapi?”

Akasema, “Hakuna Faida.”

Kijana wa watu akatungojea mpaka nimalize kulia, kisha akafungua dirisha. Hakuisaini ile karatasi. Alitueleza kwa upole, na ninayakumbuka maneno yake kwa sababu niliyauliza mara tatu. Nyuma ya jicho, alisema, kuna pazia linalopokea mwanga, na pazia hilo lina wafanyakazi wa zamu mbili. Wa mchana ni kama milioni 6, wamejaa katikati, ndio wanaosoma herufi na kujua rangi. Wa usiku ni wengi zaidi, kama milioni 120, wametapakaa pembeni. Hawajui rangi wala kusoma, kazi yao ni mwanga mdogo na kitu kinachojongea ubavuni. Pale katikati kabisa, panaposomea, wa usiku hawapo hata mmoja. “Ubao wa herufi unauliza zamu ya mchana peke yake. Mumeo anaweza kupoteza zamu yote ya usiku, na ubao ukampa 10 juu ya 10.”

Wa usiku wanaweza kuacha kazi kwa sababu nyingi, akasema, na moja inatibika haraka: kukosa vitamini A, kwa maana ndiyo wanayoitumia kushika mwanga. Akampa vidonge vya uniti 200,000: kimoja siku hiyo, kimoja kesho yake, na cha tatu baada ya wiki mbili. Mimi akanikataza kabisa kuvigusa, maana dozi kubwa hivyo inaweza kumharibu mtoto tumboni kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. “Kama ni vitamini, ndani ya siku chache ataanza kuona gizani. Kama hataona, si vitamini, na lazima aende Bukavu kwa daktari wa macho.”

Kosa langu lilikuwa kumweleza mama mkwe neno vitamini.

Lazima niseme kidogo juu ya mawese. Fizi ni nchi ya mawese. Mtoto wetu anakula sombe yenye mafuta mekundu kabla hajaota jino, na wekundu ule ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A. Lakini Baba Riziki alipenda mikebuka iliyokaangwa kwa mafuta meupe, na mafuta meupe hayatoki dukani kwa mwanamke mwenye watoto 6. Unachukua mawese, unayachoma sufuriani mpaka yafuke moshi na wekundu uishe. Yanakuwa safi kama ya Bujumbura. Kumbe moto ule unaofuta rangi ndio unaofuta na vitamini.

“Umemla macho mwanangu!” mama mkwe akasema, katikati ya ua, majirani wote wakisikia. “Miaka 19 unamchomea mafuta!”

Akachukua jiko. Wiki tatu nyumba yetu ilinuka maini. Maini ya ng'ombe yakikosekana alinunua ya mbuzi, ya mbuzi yakikosekana alichinja kuku wangu mmoja mmoja kwa ajili ya ini lenye ukubwa wa kidole gumba. Mawese mekundu asubuhi kijiko, jioni kijiko, na Baba Riziki alikunywa yote bila kulalamika, kwa woga wa kuulizwa juu ya Faida. Sombe ikaelea mafuta. Watoto wakanenepa.

Kila usiku nilimpima. Nilizima taa, nikangoja robo saa ya mganga, nikaweka sahani nyeupe sakafuni mahali fulani, naye aitafute kwa macho. Siku ya nne hakuiona. Siku ya kumi hakuiona. Siku ya kumi na tano, baada ya kidonge cha tatu, aliiona mara moja, tukashangilia mpaka Riziki akaja mbio, ndipo akakiri kwamba alisikia mlio nilipoiweka. Sahani yenyewe aliivunja kwa kuikanyaga wakati akinieleza hayo.

Na bado kulikuwa na jibu alilolitoa mganga siku ya kwanza, ambalo katika hasira ya maini hatukulisikiliza: mtu anayekula sombe kila siku, na anakula kwa watu wengine njia nzima mpaka Misisi, hapungukiwi vitamini kwa sababu mke wake anachoma mafuta ya kukaangia samaki. Nililifikiria baadaye sana, kuku wakiwa wamekwisha.

Mwaka ule njia ya Bukavu ilikuwa bado inapitika. Tukaondoka alfajiri, Mboko, Makobola, Uvira, tukalala, kesho yake Kamanyola na milima. Mama mkwe akaja nasi. Alisema anakwenda kumwona binti yake anayekaa Kadutu, lakini alikuja kuhakikisha kwamba daktari anaambiwa habari ya mafuta. Tangu jioni ya Uvira alikuwa amemshika mtoto wetu mdogo begani, kama kawaida yake. Bibi huyu, tangu nilipoolewa, giza likiingia hatembei bila mtoto mbele yake, mkono wake juu ya bega la mtoto, polepole, kwa heshima, na kuku wakiingia bandani naye huingia kulala. Sisi wote tulisema ndivyo wazee wa zamani walivyokuwa na enzi. Wajukuu waligombania kuwa fimbo ya Bibi.

Daktari alimtia Baba Riziki matone ya kupanua mboni, akangoja, akamtazama ndani kwa taa yake muda mrefu. Kisha akatuchorea kwenye karatasi. Duara, ndilo pazia la nyuma. Pembeni akachora madoa meusi yenye miguu, kama buibui wadogo waliojipanga kuzunguka. Mishipa ya damu akaichora myembamba kuliko inavyotakiwa. Ugonjwa unaitwa retinitisi pigmentoza. Wafanyakazi wa usiku wanakufa wenyewe, mmoja mmoja, kwa miaka mingi, na pazia likibaki tupu rangi nyeusi inaingia mahali pao. Hauletwi na chakula, wala kurogwa, wala kusoma kwa koroboi. Miwani haiusaidii, kwa sababu miwani huelekeza mwanga, haifufui pazia. Kwa ule wa Baba Riziki hakuna dawa wala upasuaji wa kurudisha waliokufa.

“Basi nitaendesha mchana tu,” Baba Riziki akasema. Alikuwa ameyaandaa maneno hayo tangu Baraka. “Njia yetu hata hivyo ni ya mchana.”

Daktari akakunja karatasi nyingine kama bomba, akanipa mimi niweke jichoni. “Mtazame mumeo.” Nikamwona uso wote, vizuri kabisa, hata kovu la kidevuni. “Sasa tembea mpaka mlangoni.” Nikagonga kiti, nikagonga mtu. “Hivyo ndivyo anavyoona mchana. Anaona barabara. Haoni kinachoingia barabarani.” Nikamkumbuka mbuzi aliyeanguka kutoka mbinguni. Baba Riziki naye alimkumbuka, nilimwona. Angekuwa mtoto. Hakusema tena habari ya mchana.

Ndipo daktari akauliza kama katika ukoo kuna mwingine anayesumbuka hivi. Mama mkwe akawahi: “Hapana! Kwetu hakuna vipofu. Miye hapa nina miaka 68, bado natia uzi kwenye sindano.” Na ni kweli, hutia uzi mara ya kwanza, mchana, pale mlangoni, na mimi siwezi. Akatoa sindano yake kwenye ncha ya kikwembe amwonyeshe daktari. Akatia uzi. Mkono ukateleza, kigurudumu cha uzi kikaanguka karibu na mguu wake, pale pale. Akainama kukitafuta, akapapasa kulia, akapapasa kushoto, kigurudumu kiko wazi sakafuni, chekundu, na mjukuu akakiokota akampa kama anavyompa kila siku.

Chumba kikanyamaza. Daktari akasema, “Bibi, ukubali nikutazame na wewe.”

Akakataa, akakubali. Matone, taa, muda mrefu. Buibui walikuwa pale pale, wengi zaidi, wamekwisha kusogea karibu na katikati. Ni ugonjwa wa ukoo, daktari akaeleza, na una njia kadhaa za kurithiwa. Huu wa kwao ulionekana kuwa ule unaopita kutoka mzazi kwenda mtoto moja kwa moja, mwanamke kwa mwanamume, na ndio mara nyingi huenda polepole, ukimwachia mtu katikati yake mpaka uzeeni.

Mama mkwe alifunga kikwembe chake upya. Alikaa sana. Kisha akanigeukia mimi, si daktari.

“Baba yangu pia alikuwa analala na kuku,” akasema. “Tulisema ni mtu mpole.” Na baada ya kidogo: “Mafuta yako nisamehe, mwanangu.”

Yale ya kuku wangu hakuyataja, nami sikuyataja, kwa sababu palikuwa na neno jingine juu ya meza. Katika urithi wa namna hiyo kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu. Tuna watoto 6. Jicho la mtoto linaweza kuonekana safi leo na madoa yakaja baadaye, kwa hiyo kupimwa mara moja hakutoshi.

Patro hakuwa mtu mbaya. Alimpa Baba Riziki kazi ya ghala: anapokea bido za mawese asubuhi, anahesabu, anapima, anaandika, na saa kumi anafunga. Hesabu zake ni safi, maana zamu ya mchana anayo bado. Fuso anaiendesha Asende, amepata permi yake, baada ya yule yule mganga kumfungia dirisha na blanketi. Jioni ya kwanza Asende aliporudi na kamyo, Baba Riziki alikaa mbele ya nyumba akisikiliza injini mpaka ikazimwa, akasema gia ya pili inalia. Kweli ilikuwa inalia.

Nyumbani vigoda vyote sasa vinasukumwa ukutani kabla ya saa kumi na mbili, ni kazi ya mtoto wa nne na wa tano. Mlangoni tumepaka chokaa kwenye kizingiti. Bibi ana mjukuu wake wa begani, na Baba Riziki alikataa wa kwake miezi miwili, kisha siku moja usiku nikamwona anakwenda uani na mkono wake juu ya bega la Riziki, wakizungumza juu ya shule, kana kwamba ni matembezi. Haoni mkono unaotoka ubavuni, kwa hiyo sasa watu wanaambiana: simama mbele yake, sema jina lako. Mzee wa kanisa alikuja mwenyewe, akasimama mbele, akanyoosha mkono, akapewa.

Mtoto wa kwanza na wa pili wamepimwa, ni wazima mpaka sasa. Wa tatu, mwenye miaka 13, wiki iliyopita alikataa kwenda kuita mbuzi wa jirani baada ya magharibi. Alisema anaogopa nyoka. Nikamjibu vizuri, nikaenda mimi, lakini usiku nilizima taa nikaweka sahani sakafuni. Jumatatu tunampeleka.

Na juu ya yule mbuzi mwingine, Baba Riziki amepeleka madai rasmi kwa baba yangu, kwamba faini ilitolewa kwa kosa ambalo halikutendeka na mwanamke ambaye hayupo, hivyo arudishiwe. Kaka zangu wamekaa, wakasikiliza, wakajibu kwamba aliungama mwenyewe mbele ya mashahidi, na jina akalitaja. Mbuzi hawatamrudisha.